Ukuta Tuupande Kwanza

"Wewe unaangalia kupanda tu. Na kuteremka nani ataangalia?"

"Mama, kuteremka si ni kupumzika?"

"Oya, hapana. Labda kwa goti lako."

Sharif aliona aibu, maana wenzake wa kikundi cha matembezi cha Kagarama walikuwa wanasikia. Mama yake, Mukandayisenga, alipasuliwa goti mwaka jana, na leo ndiyo alitaka kutembea nao mara ya kwanza. Goti likimsumbua njiani, hatarudi tena, Sharif anamjua. Ndiyo maana alimtafutia njia ya mzunguko, akamwonyesha kwenye simu mchoro wa miinuko na miteremko yake. Mstari ulipanda polepole kilomita tatu, halafu ukaanguka kama ukuta.

Mama akachukua simu, akasoma namba za pembeni na za chini. "Hapa mwisho tunashuka mita tisini ndani ya mita mia sita. Ngazi za nyumbani nalia nikishuka, nikipanda silii. Geuza njia. Huo ukuta tuupande kwanza, tukiwa na nguvu, halafu tushuke taratibu mpaka hapa."

"Utahema, mama."

"Kuhema nikikaa kunaisha. Goti likivimba, ni wiki nzima."

Sharif akausoma mchoro upya, kutoka kulia kwenda kushoto. Mita za kupanda zilikuwa zile zile, ila mteremko mkali ulikuwa umeondoka. Akatunisha kifua, akawageukia wenzake.

"Mnamuona? Huyo ni mama yangu. Leo anaongoza yeye."

Mama akamrudishia simu, akageuka, akaanza kupanda.