Zawadi za Mhandisi wa Pampu

Mama Zipu alimtambua yule mwanamke kabla hajafika kaunta. Hawakuwahi kusemezana hata salamu, lakini picha za harusi yake alizipata zote, maana waliomtumia walihakikisha amezipata. Alikuwa mwalimu wa sekondari, mrefu, mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha darasa. Ndiye aliyeolewa na mhandisi wa pampu za maji mwaka mmoja baada ya mhandisi huyo kumwacha Mama Zipu.

Duka lenyewe halikuwa kubwa. Mabegi yalining'inia ukutani hadi darini, cherehani ilikaa karibu na mlango ili ipate mwanga, na nyuma ya kaunta kulikuwa na rafu ya vioo yenye vikorokoro vya wasafiri: kufuli ndogo, adapta za umeme, tochi za kuvaa kichwani, taulo nyembamba zinazokauka upesi. Jina la Mama Zipu lilitokana na kazi yake. Begi lililoshindikana kwingine kote liliishia kwake.

"Habari ya kazi," mwalimu alisema.

"Nzuri. Karibu, mwalimu."

"Kumbe unanijua."

"Mji mdogo huu. Nikusaidie nini?"

Mwalimu alifungua mkoba wake, akatoa kitu kimoja baada ya kingine na kukipanga juu ya kioo cha kaunta, kama muuguzi anayepanga vyombo. Kizibo bapa cha mpira, kile kinachoziba tundu la sinki la aina yoyote. Kamba ya kuanikia ya mpira uliosokotwa, ambayo nguo hubanwa katikati ya misokoto bila vibanio. Kikombe cha chuma kilichobonyea ubavuni. Mwisho kabisa akatoa mkunjo wa turubai la kijani wenye vifuko vya kuwekea nyaya, uliofungwa kwa utepe.

Mama Zipu aliutazama ule mkunjo. Mshono ni wake. Aliushona kwa uzi wa nailoni, mistari miwili miwili, akapiga fundo la ziada kila kona kwa sababu mhandisi ana mikono mizito na huvuta vitu kama anang'oa bomba.

"Nataka kipya cha kila kimoja," mwalimu alisema. "Bora kuliko hivi."

"Hivi vina shida gani?"

"Shida yake unaijua. Mume wangu anasafiri siku ishirini kwa mwezi. Nimempa mto wa shingo, akauacha hotelini. Nimempa sanduku la ngozi la vifaa vya kuogea, liko kabatini. Nikampa manukato, chupa ikapasukia ndani ya mashati yake, akaninunia wiki nzima. Lakini hivi vitakataka havitoki kwenye begi lake. Miaka mitatu nauliza, miaka mitatu ananiambia alivinunua mwenyewe njiani. Juzi wifi ndiye aliyeniambia vimetoka wapi."

Mama Zipu aliinua macho. "Alisema alivinunua mwenyewe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Hata huu wa turubai?"

"Huo alisema alishonewa na fundi fulani. Hakumbuki wapi."

Kuachwa kulimuuma Mama Zipu wakati wake, na wakati huo ulikuwa umepita. Hili la fundi fulani lilimpata mahali pabichi. Alikumbuka jinsi alivyompimia nyaya moja moja, ya simu, ya kompyuta, ya kile kifaa cha kupimia mgandamizo wa maji, ili kila moja ipate kifuko chake. Akavuta pumzi.

"Dada yangu, nitakwambia ukweli wa biashara," alisema. "Msafiri wa aina yake anabeba kitu kikiwa na sifa tatu. Kiwe kidogo, kisivunjike, na akitumie kila siku. Mto wa shingo unautumia saa nne, siku kumi na tisa zilizobaki unakuwa mzigo. Kizibo hiki anakitumia kila jioni, anafua soksi zake. Sina kilicho bora kuliko hiki. Ninacho kipya tu, na kipya ni sawasawa na cha zamani."

"Sikuja kufundishwa mume wangu."

"Umekuja kununua. Nakwambia unachonunua."

"Nataka kitu ambacho wewe hukumpa."

Hapo walielewana, japo kwa chuki. Mama Zipu aligeukia rafu, akashusha pawabenki nyeusi, bapa, yenye ganda la mpira kwenye kona. Akaeleza kwamba ukubwa wake ni miliampia-saa elfu ishirini, inachaji simu mara tatu au nne, na iko chini ya kiwango ambacho mashirika ya ndege huruhusu abiria kubeba bila kuomba kibali. Pampu nyingi ziko vijijini ambako umeme ni wa kubahatisha. Hii ataibeba.

"Lakini sikiliza," aliongeza. "Hii inakaa kwenye begi la mkononi. Isiingie kwenye begi la kupakiwa chini ya ndege. Betri ya namna hii ikishika moto kule chini hakuna wa kuizima, kwa hiyo wakiiona kwenye mashine wanalizuia begi."

Mwalimu alicheka kwa pua. "Na nisipofanya hivyo utakuja kunikagua?"

"Nakuandikia kwenye risiti."

Akaandika kweli, kwa herufi kubwa. Mwalimu aliikunja risiti bila kuisoma, akalipa, akaitia pawabenki mkobani.

"Na hivi?" Mama Zipu aliuliza, akionyesha vile vya zamani.

"Tupa," mwalimu alisema, akatoka.

Kwa karibu saa nzima Mama Zipu hakuvigusa. Aliwahudumia wateja wawili, vitu vikiwa pale pale. Kisha akauchukua mkunjo wa turubai, akavuta kona moja kwa nguvu zake zote. Haukufumuka hata uzi mmoja. Angekuwa na mkasi mkononi angeukata. Badala yake alivikusanya vyote, akavisokomeza kwenye mfuko wa taka pamoja na vipande vya turubai na zipu mbovu, akaufunga na kuuweka nje. Asubuhi gari la taka likapita, na yeye alisimama mlangoni akiliangalia mpaka likakata kona.

Siku ya tatu, saa saba mchana, mhandisi aliingia dukani akiburuta begi lake la magurudumu. Shati lilikuwa limelowa jasho mgongoni. Mwalimu alikuja nyuma yake, hatua tano hivi, uso umefungwa.

"Umefurahi?" mhandisi alifoka. Hakusalimu. "Umefurahi sasa? Nimeachwa na ndege! Watu wananisubiri kule, pampu imesimama, mji mzima hauna maji!"

"Salamu ni ya bure," Mama Zipu alisema. "Ungeanza nayo."

"Usinifanyie mzaha! Nimeitwa kutoka mlango wa kupandia ndege kama mwizi. Wananiuliza, una betri kwenye begi? Nikaapa sina. Mbele ya watu nikaapa! Wakafungua, wakatoa soksi zangu, ndani ya soksi kuna hili dude." Akaibamiza pawabenki kwenye kaunta. "Mpaka tumalizane, mlango umefungwa. Na limetoka kwako."

"Limetoka kwangu. Nani aliliweka kwenye soksi?"

Mhandisi alimtazama mkewe.

"Nilitaka alikute akifika," mwalimu alisema polepole. "Iwe surprise... nilitaka kumshtua tu. Kwenye begi la mkononi angelikuta kabla hajatoka nyumbani."

"Risiti iko wapi?" Mama Zipu aliuliza.

"Sihitaji risiti. Uliniambia." Mwalimu aliinua kidevu. "Uliniambia, nikadhani unaniringia. Haya, nimesema."

Mhandisi alipungukiwa na mtu wa kumgombeza, na hilo likamzidishia hasira. Akaanza kuzunguka dukani, akisukuma mabegi yaliyoning'inia.

"Na vitu vyangu viko wapi? Nimepekua begi zima pale uwanjani. Kamba sina, kizibo sina, nyaya zimejisokota kama utumbo. Huyu anasema alivileta hapa. Nirudishie vile vitu ulivyonipa."

"Nilivyokupa?" Mama Zipu alisema. "Nilisikia ulivinunua mwenyewe."

Mwalimu aligeuza shingo.

"Nilisikia pia kuna fundi fulani wa turubai," Mama Zipu aliendelea. "Hukumbuki wapi. Ni hapa. Cherehani yake ndiyo hiyo karibu na mlango."

"Ilikuwa kuepusha maneno tu," mhandisi alisema, sauti imeshuka. "Mnajua nyinyi wanawake..."

"Sisi wanawake nini?" mwalimu aliuliza.

Mhandisi akamgeukia tena Mama Zipu. "Viko wapi?"

"Vimekwenda na taka. Jana asubuhi."

"Umetupa vitu vyangu?"

"Mkeo aliniambia nitupe, nami nilitaka kutupa. Hatukugombana kwa hilo."

Kwa mara ya kwanza mwalimu nusura acheke, ila alijizuia. Mhandisi aliegemea kaunta kwa viganja viwili. Ndege nyingine ilikuwa jioni.

"Basi niuzie vingine," alisema.

"Vingine vipi?"

"Vile vile, na adapta. Unajua ninachotaka."

"Nilikuwa najua. Sasa wewe ni mteja, sema mwenyewe. Kamba ya urefu gani? Adapta ya nchi zipi?"

Mhandisi alitazama rafu. Mtu aliyelala hoteli mia moja alisimama pale akikodoa macho, asijue adapta ipi inaingia wapi. Akanyoosha kidole kwenye moja.

"Hiyo inabadilisha miguu ya plagi tu," Mama Zipu alisema. "Haipunguzi umeme. Kifaa chako cha kupimia mgandamizo kinakubali volti ngapi?"

"Sijui. Imeandikwa kule nyuma."

"Basi kasome."

Akafungua begi sakafuni, akapiga magoti, akaanza kuchomoa nyaya zilizoshikana na mikono ya mashati. Mwalimu alimwangalia kutoka juu kwa muda.

"Usidhani sasa tumekuwa marafiki," alimwambia Mama Zipu.

"Sijadhani."

"Vizuri." Akachukua funguo za gari mkobani. "Wewe, ukimaliza kujinunulia, utapanda teksi. Safari hii itakuwa kweli umenunua mwenyewe." Akatoka. Gari liliwaka nje, likaondoka.

Mhandisi alilipia kizibo, kamba na adapta. Pawabenki aliitia kwenye mfuko wa koti. Mlangoni akasimama.

"Ule wa turubai," alisema, "ungenishonea mwingine?"

"Hapana."

"Kwa bei yoyote."

"Nawashonea watu kila siku. Wewe sikushonei."

Mhandisi akaburuta begi lake hadi barabarani kutafuta teksi. Mama Zipu alikuwa amewaza mara nyingi kwamba siku kama hii ikija ataimba. Alichosikia ni njaa tu. Akageuza kibao cha mlangoni, akanawa mikono, akakaa kula.