Saa ya Mama Pacha

Fundi alikuwa na ugonjwa wake mmoja: hakuweza kuvumilia saa inayosema uongo. Miaka yote ya kutengeneza saa ilimharibu hivyo. Akienda msibani, macho yake yanatafuta saa ya ukutani kwanza, marehemu baadaye.

Siku ile alikuwa ndani ya ndege na mkewe, Mama Pacha, wanakwenda kumwona mjukuu wao wa kwanza. Mama Pacha ana kisukari. Insulini yake ilikuwa kwenye mkoba miguuni pake, pamoja na vidonge, kipimo na barua ya daktari, kwa sababu nesi wa kliniki alimwonya asiiweke kwenye sanduku la chini, itaganda na kuharibika. Akamwambia na jambo la pili: saa yake ya mkononi ibaki na majira ya nyumbani mpaka afike, sindano ya usiku adunge saa tatu ya nyumbani, kisha kule wataisogeza kidogo kidogo. Fundi hakuyasikia hayo. Alikuwa nje ya chumba, anamfungulia mgonjwa mwingine saa iliyokwama.

Kwenye ukaguzi mkanda wa saa ya Mama Pacha ulilegea, Fundi akaichukua aikaze. Ndege ikapaa asubuhi, mama wa watu akalala fofofo, maana usiku kucha alikuwa anapanga nguo za mtoto. Mbele ya kiti kioo kikaonyesha saa ya kule waendako, mbele ya nyumbani kwa saa saba. Vidole vya Fundi havikuomba ruhusa. Akaisogeza mishale, akamvalisha mkewe taratibu, naye akajifunika blanketi na kulala, roho imetulia kabisa.

Alipoamka, madirisha yalikuwa yamefungwa na taa zimezimwa. Mama Pacha alikuwa macho, anajifuta uso kwa ncha ya mtandio.

"Una nini?"

"Natetemeka tu. Chakula chao kinachelewa, na mimi nimeshadunga."

"Umedunga lini?"

"Saa tatu, kama kawaida. Na kidonge cha jioni nikameza, nikajua wanaleta chakula."

Fundi akatoa simu yake, ambayo hakuwa ameigusa, bado ina majira ya nyumbani. Simu ilisema saa kumi na moja jioni. Jioni, si usiku. Akahesabu kurudi nyuma: saa tatu ya kule, toa saba. Mkewe alikuwa amejidunga saa nane mchana, wakati dawa ya jana usiku bado inafanya kazi mwilini. Dawa juu ya dawa, kidonge juu yake, na tumbo tupu.

"Mama Pacha," alisema, na sauti yake mwenyewe aliiona ngeni. "Saa yako niliigeuza mimi."

Mama Pacha alimtazama mpaka Fundi akatamani amtukane. Badala yake alitoboa kidole, akaweka damu kwenye kipimo. Sukari ilikuwa chini ya nne, imeshuka mno. Mhudumu wa ndege alileta juisi mbio, mama akaimaliza, wakasubiri robo saa, akapima tena. Ikapanda kidogo. Akaletewa mkate, akautafuna polepole huku mume wake akimwangalia kila tonge linavyoteremka. Kila baada ya muda wakapima tena.

"Nipe saa niirudishe ya nyumbani," alisema, mkono tayari umeshika mkanda.

Mama Pacha akautoa mkono ule, kidole kimoja kimoja.

"Usiiguse. Ukiisogeza tena, nani atajua nilidunga lini? Mimi hapa kichwa kinazunguka, na wewe ndiyo huyo."

Fundi akaikalia mikono yake. Mtu mzima, mvi tele, amekalia mikono kama mwanafunzi mtundu.

Karibu na kutua, simu ya Fundi ikalia ghafla. Ilikuwa kengele aliyoitega mwenyewe nyumbani, kwa mapenzi tu, bila kumwambia mtu: saa tatu usiku ya nyumbani, sindano ya mama. Kwa mazoea ya miaka, mkono wa Mama Pacha ulishaingia mkobani, ukatoka na kalamu ya insulini. Akaondoa kifuniko.

Wote wawili wakabaki wanaiangalia ile kalamu.

Mama Pacha akarudisha kifuniko.

"Zima hicho kitu," alisema.

Walipotua, binti yao alimpigia simu nesi wa kliniki kabla hata hajawakumbatia. Nesi akasema kwa sasa hakuna sindano nyingine, aendelee kula na kupima, na inayofuata ni usiku unaokuja, saa ile ya mkononi ikifika saa tatu, maana imeshakuwa ya huko. Fundi alipewa mjukuu ampakate. Akampakata vizuri, lakini macho yake hayakumwacha mkewe, wala hakutazama ukutani kujua ni saa ngapi.