Mabaki ya Vitambaa

Mimi hasira zangu ziko karibu, sikatai. Likizo iliyopita binti yangu alikaa chumbani kwangu siku mbili tu. Alichukua mkasi wangu wa kitambaa akakatia karatasi, na fundi cherehani yeyote atakwambia mkasi ukizoea karatasi unakuwa butu, kitambaa unakitafuna badala ya kukikata. Nilifoka mpaka majirani wakachungulia. Kesho yake mtoto akafunga mfuko wake, akaomba kurudi kwa bibi yake, kule anakoishi na kusoma.

Sikukuu ilipokaribia, mama yangu alinipigia simu. "Mjomba wake atakuletea Kifungo," akasema, ndivyo tunavyomwita binti yangu. "Lakini akilia tena kutaka kurudi, mimi simlazimishi tena kuja huko. Ana miaka minane, anajua anapotakiwa."

Nikaamua akute chumba kinacheka. Hela sikuwa nayo, ila nilikuwa na gunia la mabaki ya vitambaa kutoka kibandani ninakoshonea. Nikakata pembetatu arobaini, nikazipiga pasi moja moja, nikazishona kwenye utepe kwa mpango: nyekundu, njano, maua, nyekundu, njano, maua. Maboksi ya maziwa yana karatasi ya kung'aa kwa ndani, nikayapasua, nikayaosha, nikayakata nyota kwa wembe.

Shida ikawa kutundika. Mwenye nyumba hataki msumari, tundu moja tu unahama. Basi nikapika gundi ya unga wa ngano. Jirani yangu, fundi rangi, alipita mlangoni akasimama.

"Dada, huo ukuta umepigwa chokaa. Gundi itashika vumbi, haitashika ukuta."

"Kaka, wewe shika brashi yako, mimi niachie yangu."

Akaenda zake. Nikabandika kila kitu, nikarudi nyuma kutazama. Nilijiona mtu wa maana.

Kifungo aliletwa na mjomba wake mchana. Akasimama mlangoni, mikono nyuma. "Pazuri, mama," akasema, kisha akakaa ukingoni mwa kitanda kama mgonjwa anayesubiri kuitwa na daktari. Akanitazama. "Nisiguse nini?"

Roho iliniuma, jamani. Nikageuka kumimina chai.

Hapo ndipo niliposikia kitu kinachanika. Utepe wote ulibanduka na chokaa yake, ukaniangukia kichwani, nyota zikafuata, mbili zikatua kwenye sufuria ya chai. Nywele nyeupe, kope nyeupe. Fundi rangi alikuwa amesimama mlangoni kwake, ameziba mdomo kwa kiganja. Hasira ikanipanda mpaka hapa. Nikamwona mtoto amejikunja, anasubiri nilipuke.

Nikapiga chafya. Chokaa ikaruka. Kifungo akajizuia, akajizuia, halafu kicheko kikamtoka puani, na mimi nikashindwa kununa.

"Kwani lazima zikae ukutani?" akauliza. "Si tuzifunge kwa kamba, kutoka nondo za dirisha mpaka boriti ile?"

Fundi rangi alileta ngazi bila kuitwa, akafunga kamba juu, na kwa heshima yake hakusema lolote kuhusu ushauri wake. Kifungo akafumua pembetatu zangu zote, akaanza kuzitunga upya. Nyekundu mbili pamoja, njano peke yake, moja kichwa chini. Vidole viliniwasha kuzinyoosha. Nikavikalia.

Nyota mbili zilikuwa zimelowa chai, akataka kukata nyingine. Akaangaza macho mezani, mkono wake ukaenda kwenye mkasi wangu wa kitambaa. Ukaishia hewani.

"Kata," nikasema.

"Huu?"

"Kata tu, mwanangu. Mkasi unanolewa."

Akakata, ulimi nje, na nyota yake ya kwanza ilikuwa na ncha saba.

Siku ya tatu mama yangu akapiga simu kuuliza kama amtume mjomba amfuate mtoto. Nilikuwa juu ya stuli, nimeshika kamba ya pili kama nilivyoagizwa. Kifungo akapokea simu.

"Shikamoo bibi. Siwezi kuja, hatujamaliza upande wa mlango. Na mama hajui kupanga rangi, nikimwacha ataharibu. Njoo wewe. Utalala na mimi kitandani, mama atalala chini."

Bibi yake akaomba kuongea na mimi. Kifungo akaniwekea simu sikioni. Nilikuwa nalia kama mjinga, na kamba sikuiachia, maana niliambiwa nisiiachie.