Bati Ambazo Hazikupita Dukani

Hivi wewe umewahi kusomeana namba na mwanao mpaka ulimi ukawa mzito mdomoni? Mimi nimesoma, tena kwa miwani iliyofungwa uzi sikioni.

Binti yangu wa mwisho ndiye aliyekuwa akishika hesabu za duka la vifaa vya ujenzi la kaka yake. Ofisi yenyewe ni chumba nyuma ya mapipa ya rangi, feni inazunguka kama imelazimishwa. Asubuhi ile msambazaji wa bati na saruji alikuwa ameleta taarifa ya akaunti, na ujumbe juu yake: hapakii gari lingine mpaka tukubaliane deni.

Wao walisema tunadaiwa milioni nne, laki nane na elfu sitini. Leja ya binti yangu ilisema milioni tatu, laki moja na elfu kumi.

"Milioni moja, laki saba na elfu hamsini zimeenda wapi?" kaka yake akauliza mlangoni. Hakumtazama dada yake. Aliitazama droo ya pesa.

Alipoondoka, binti akaniambia polepole, "Mama, nimechoka. Nimekuwa nikitaka kuacha kazi hii tangu mwaka jana. Lakini nikiondoka hesabu hazijalingana, watasema nimekula."

Nilivuta kiti, nikachukua ile taarifa.

Basi nikawa nasoma: tarehe, namba ya ankara, kiasi. Yeye anatafuta kwenye leja, akiiona anatia alama ya vema kwa penseli, kwake na kwangu. Ankara za saruji, alama. Misumari, alama. Malipo tuliyolipa katikati ya mwezi, alama. Mgongo ukaniuma, nikabadili kalio. Feni ikasimama, ikajifikiria, ikaendelea.

Mwishowe tukabaki na mistari miwili tu isiyo na mwenzake. Kwenye leja yetu, malipo ya laki sita. Kwenye taarifa yao, ankara ya milioni moja, laki moja na elfu hamsini.

Akaanza na malipo. Alimpigia karani wa msambazaji.

"Dada, laki sita tulizotuma benki tarehe thelathini mbona hamjaziandika?"

"Taarifa tuliifunga tarehe thelathini hiyohiyo asubuhi, dada. Hebu subiri… Eeh, ziliingia kwetu tarehe mbili. Utaziona kwenye taarifa ya mwezi huu."

"Kumbe zilikuwa njiani."

"Zilikuwa njiani, mpenzi. Benki nazo zina miguu yake."

Kaka mtu aliposikia akarudi. "Basi andika namba yao, mambo yaishe. Gari linanisubiri."

"Nikiandika namba yao, hizi laki sita utazilipa mara mbili. Na hii ankara nyingine siijui. Stoo hakuna hati ya kupokea mzigo huo."

"Hujui! Kazi yako ni nini kama hujui?"

Hapo nilimwita kwa jina lake la utotoni, kumkanya. Lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Binti akarudi kwenye simu. Alimwomba karani amsomee ankara ile. Bati. Zimepokelewa na nani? Na fundi mkuu. Zimeshushwa wapi? Kwenye jengo la ghorofa la mteja wetu, siyo dukani.

Akampigia fundi mkuu.

"Bati? Zilikuja, dada! Bosi wako alimwagiza dereva apitilize huku, eti kuzishusha dukani na kuzipakia tena ni gharama mara mbili. Karatasi ya mzigo ninayo. Nimefunikia birika la chai."

"Itoe hapo, uilete."

Ikaja na duara la kahawia katikati. Binti akaiingiza kwenye leja: milioni tatu, laki moja na elfu kumi, ukiongeza bati, inakuwa milioni nne, laki mbili na elfu sitini. Akarudi kwenye taarifa yao, akatoa laki sita zilizokuwa njiani. Milioni nne, laki mbili na elfu sitini. Akapiga mstari chini, bila hata kutabasamu.

Kaka mtu alisimama na ile karatasi ya chai mkononi. "Nilimwagiza kwa simu," akasema. "Nikasahau kukwambia." Akakohoa. "Haya, mtumie karani, gari lipakiwe. Ila mwezi ujao tuanze mapema, mdogo wangu, haya mambo yanachosha."

Binti akaifunga leja. Akaisukuma juu ya meza mpaka ikamgusa kaka yake tumboni.

"Mwezi ujao tafuta mtu, kaka. Mimi naacha kazi."