Mchoro wa Pampu

Zuwena alikuwa amesimama dukani kwake karibu na soko la Tabora, kikombe cha chai mkononi, simu ilipolia mlio wa ujumbe. Alisoma, akakiweka kikombe mezani kwa nguvu mpaka chai ikamwagikia karatasi.

Ujumbe ulitoka kwa Wilbroad, msimamizi wa ukarabati wa nyumba ya wageni ya Mama Getruda kule Chemchem. Ulisema hivi: "Dada, ule ujumbe wako nimeshamfikishia Mzee Lukumani. Nimeurekebisha kidogo, ulikuwa mkavu mno. Mtu mzima yule." Chini yake aliambatanisha maneno aliyoyatuma yeye:

"Shikamoo mzee wetu. Pole na majukumu. Mchoro umeboreshwa kidogo upande wa pampu, tutaongea ukifika. Kazi njema, Mungu akutangulie."

Zuwena aliyasoma tena, akitafuta yale aliyoyaandika. Hayakuwemo. Hata neno moja la maana halikuwemo.

Yeye ndiye aliyechora umeme wa nyumba ile. Jana yake alikwenda kukagua kabla ya kazi kuanza, akakuta watu wa sola waliotoka Nzega wameihamisha pampu ya maji. Zamani pampu ilipata umeme kwenye mein, swichi kuu ya nyumba, kama kila kitu kingine. Sasa ilitoka kwenye inveta ya sola, kwa waya wake peke yake. Zuwena akakaa jioni nzima akaurekebisha mchoro, kisha akamwandikia ujumbe Mzee Lukumani, fundi wa umeme. Aliuandika mara tatu, kila mara akikata maneno, maana alijua fundi akiwa kazini hasomi barua:

"Mzee Lukumani. Mchoro wa pampu umebadilika, usitumie wa zamani. Pampu haitoki tena kwenye mein, inatoka kwenye inveta. Ukizima mein, pampu haijazimika. Izime kwenye swichi ya kijivu, ukuta wa nje nyuma ya stoo, na uipige kufuli. Kuna swichi ya boya kwenye tangi. Tangi likijaa, waya wa pampu unaonekana hauna moto. Maji yakishuka, moto unarudi wenyewe. Usiamini tester peke yake. Nijibu kwa maneno yako mwenyewe kabla hujagusa. Zuwena."

Mama Getruda alikuwa ameweka sharti kwamba neno lolote kwa mafundi lipitie kwa Wilbroad, ambaye ni mpwa wake, ili mafundi wasivutwe huku na kule. Zuwena akalitii. Akautuma ujumbe kwa Wilbroad pamoja na picha ya mchoro mpya, akalala usingizi wake.

Sasa alimpigia Lukumani. Simu ilizimwa. Alijua kwa nini: mzee yule hashiki waya simu ikiwa hewani. Kumbe kazi imeshaanza.

Akampigia Wilbroad.

"Uko wapi?"

"Nimefuata saruji, dada. Habari za asubuhi?"

"Lukumani ameanza kazi?"

"Ameanza kitambo. Mchapakazi yule, hangoji mtu."

"Ulimwambia azime swichi ya nyuma ya stoo?"

Ikasikika sauti ya mtu anayejikuna. "Nilikuwa nimwambie ana kwa ana, nikawahi lori la saruji. Lakini usiwe na hofu, mein amezima, nimemwona kwa macho yangu."

"Wilbroad, mein haihusiki! Niliandika mein haihusiki!"

"Sasa dada ndiyo hayo ninayosema. Unaandika kama askari wa barabarani. Usitumie, usiamini, usiguse! Kwa mtu wa umri wa baba yako? Hapa Tabora watu wanasalimiana, bwana. Mimi nimekufunikia aibu."

Zuwena alikata simu. Akatoka bila kufunga duka, akamwita bodaboda wa kwanza aliyemwona.

Njia nzima alikuwa akisema peke yake. Upepo ulimvuta ushungi, yeye hakuujali. Kufunika aibu! Mtu amechukua maonyo saba akayabadilisha kwa dua moja, halafu anasubiri kushukuriwa. Dereva aligeuza shingo mara mbili kumwangalia abiria wake anagombana na nani.

"Dada, nimekosea njia?"

"Wewe hujakosea. Endesha."

Getini alishuka mbio. Uani, Mwanahawa, mama wa usafi, alikuwa ameinamia rundo la mashuka. Bomba lilikuwa wazi kabisa, likijaza pipa la pili. Zuwena aliona yale maji. Yalikuwa yanatoka kwenye tangi, na tangi likishuka boya lingerudisha moto kwenye waya.

"Mwanahawa, funga bomba!"

"Shuka za wageni wa jana zote hizi mwanangu, nita—"

"Funga!"

Mama yule alifunga, akabaki na mkono juu ya bomba, macho yamemtoka.

Upande wa pili wa ua kulikuwa na shimo la pampu, lenye kina cha kiuno. Lukumani alikuwa amechuchumaa ndani yake, kofia ya kufuma kichwani, koleo magotini. Alikuwa ameshaukata waya wa pampu, ameumenya, na ncha za shaba zilikuwa zinang'aa. Vidole vyake vilikuwa vimeshika moja.

"Mzee, achia waya!"

Lukumani alinyanyua uso taratibu. "Zuwena? Ndiyo tunavyoamkiana siku hizi?"

"Achia kwanza! Achia, toka shimoni!"

"Usinipigie kelele, binti. Mimi si kuli wako."

"Nipige, nitukane, lakini achia!"

Labda ni ile sura ya Zuwena iliyomshtua mzee. Aliifungua mikono, akaacha ncha zining'inie juu ya tofali, akapanda ukingoni huku akijifuta vumbi kwa makusudi, polepole, ili kila mtu aone kwamba hakuna aliyemkimbiza. Alikuwa amekasirika hasa. Mishipa ya shingo ilikuwa imemsimama.

"Mein nimezima mwenyewe," alisema. "Tester nimepima kabla sijakata. Miaka yote hii ninafanya kazi hii, leo mtoto wa marehemu Uwesu anikaripie mbele ya watu?"

"Pima tena."

Akainama, akagusa ncha ya kwanza kwa tester, ile bisibisi yenye taa. Taa haikuwaka. Akagusa ya pili. Haikuwaka. Akamgeukia Zuwena, akamnyooshea tester machoni. Mwanahawa alikohoa pembeni.

"Mwanahawa," Zuwena alisema, "fungua bomba lote."

"Si umesema nifunge?"

"Sasa fungua. Na lile la jikoni pia. Mzee, usiguse kwa mkono. Weka tester tu, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Ngoja."

Maji yalianza kumwagika. Pipa lilijaa, likafurika, yakatambaa uani mpaka kwenye viatu vyao. Lukumani alikuwa amepiga goti, tester kwenye ncha, uso umefungwa kama mtu anayevumilia mzaha wa mtoto. Zuwena alikuwa amekaza macho kwenye tester. Hakujua anaomba nini: taa iwake aonekane mkweli, au isiwake, ili asadiki kwamba mzee hakuwahi kuwa hatarini. Maji yaliendelea.

Hapakuwa na mlio wala cheche. Taa ndogo ndani ya tester iliwaka tu, nyekundu, ikatulia.

Lukumani aliitazama. Akaondoa tester, akarudisha. Ikawaka tena. Akajivuta nyuma kwa makalio mpaka mgongo ukagusa ukuta, akakaa kwenye tope na nguo zake za kazi.

"La ilaha illa Allah," alisema kwa sauti ndogo. "Moto umetoka wapi?"

Zuwena akamweleza: inveta, swichi ya kijivu, boya. Alieleza kwa ufupi kama alivyoandika. Tangi lilikuwa limejaa alipopima, kwa hiyo boya linaloelea humo lilikuwa limekata moto. Maji yameshuka, boya limeanguka, moto umekuja.

"Na hayo ulikuwa unayajua?"

"Niliyaandika jana. Yote." Akamwonyesha simu.

Mzee alisoma midomo ikichezacheza. Kisha akatoa simu yake mfukoni, akaiwasha, akautafuta ujumbe aliotumiwa na Wilbroad. Akaziweka simu mbili magotini, moja kando ya nyingine.

"Huyu kaniambia kidogo," alisema. "Umeboreshwa kidogo. Mimi nikasema kidogo hiyo nitaikuta mbele ya safari. Kulikuwa na picha, ndogo, macho yangu hayakuiona, sikuhangaika nayo. Nikatumia karatasi niliyokuwa nayo."

Lori la saruji liliingia. Wilbroad aliruka chini akitabasamu, akaona tope, akaona nyuso, tabasamu likabaki halina pa kwenda.

"Shikamoo mzee. Kuna nini?"

Lukumani hakuitikia. Kwa mtu wa mji ule, kuacha shikamoo ikaanguka chini ni sawa na kumtemea mtu mate.

"Soma," akamwambia, akimpa simu ya Zuwena. "Kwa sauti."

"Mzee, mimi nilikuwa nakulindia heshima yako. Huyu dada aliandika kama—"

"Heshima yangu ungenivalisha pamoja na sanda? Soma!"

Wilbroad akasoma. Alianza kwa sauti ya kujitetea. Alipofika "moto unarudi wenyewe" akatazama shimo, akatazama ncha za shaba, akaacha.

"Endelea," alisema Zuwena.

"Usiamini tester peke yake," akamalizia. Jasho lilikuwa limemtoka puani. "Mimi nilidhani ni maneno ya kitaalamu tu. Sikujua ndiyo kazi yenyewe."

"Hukujua, halafu ukakata," Zuwena alisema. "Ungekuwa hukujua ukauacha ulivyo, ningekusamehe sasa hivi."

"Na wewe," Lukumani alimgeukia, hasira yake haijapoa hata kidogo, "namba yangu unayo. Nyumbani kwangu umekula. Ulishindwa nini kuniletea mwenyewe?"

"Mama Getruda alisema—"

"Mama Getruda hashiki waya. Uliniambia nikujibu kabla sijagusa, ama hukuandika hivyo? Sikukujibu. Usiku mzima sikukujibu. Ukalala?"

Zuwena aliinamisha kichwa. Ni kweli alikuwa ameandika, ni kweli jibu halikuja, na ni kweli alilala. Hasira aliyokuja nayo kutoka sokoni ilikuwa bado imejaa, ila sasa sehemu yake ilikuwa imegeuka na kumtazama yeye.

"Nililala," alisema.

Mzee alitikisa kichwa. Akainuka, akaenda nyuma ya stoo, na wote wakamfuata. Akaikuta swichi ya kijivu, akaizima, akaipiga kufuli lake mwenyewe na ufunguo akautia mfuko wa ndani. Aliporudi shimoni akapima tena mabomba yakiwa wazi, akangoja, akapima tena. Hapakuwa na moto. Hapo ndipo alipoyarudisha maneno ya Zuwena, kwa lugha yake, moja baada ya jingine: pampu ni ya inveta, mein si kitu, boya linadanganya, swichi nimeifunga. Alipokosa moja Zuwena alimsahihisha, naye akalirudia bila kununa.

Kisha akashuka kufanya kazi.

Wilbroad alileta soda mbili baridi kutoka dukani, akaiweka moja karibu na Zuwena, aliyekuwa amekaa kwenye jiwe akiangalia ile swichi.

"Dada, shangazi lazima ajue?"

"Atajua leo. Nitamwandikia mimi, na hapatapita mtu katikati."

Wilbroad akabaki amesimama. Zuwena hakuigusa ile soda. Kule shimoni koleo la mzee lilikuwa likilia, klik, klik, na kila lilipolia moyo wake ulishtuka, mpaka kazi ilipokwisha.