Namba Sita Alinyamaza

Ofisini walimwita Mama Dodosa, wala hakuchukia. Kwa kudodosa hakuwa na mpinzani. Yeye ndiye aliyeandika, swali kwa swali, mwongozo wa majadiliano ya kuwauliza vijana wanaonaje suala la kuomba msaada mtu anapoelemewa moyoni. Na ulikuwa mwongozo mzuri, tusimnyime sifa yake. Haukumtaka kijana yeyote ajianike mbele za watu. Ulianza na kisa cha kubuni cha kijana asiyelala wala kula, kisha ukauliza: huyu mwenzetu angemwendea nani? Na juu kabisa, kwa herufi nzito, aliandika kwamba mwongozaji asimhukumu mtu wala asicheke jibu lake.

Haya. Siku hiyo alikaa na mwenzake, Kaka Miwani, kulinganisha misimbo. Kila mmoja alikuwa amesoma peke yake maandishi ya mjadala uleule na kukipa kila kipande cha maneno msimbo wake: aibu, gharama, kumwamini rafiki, kubezwa. Sasa walikuwa wanatazama wapi wamepishana, na walipopishana walibishana mpaka waelewane.

"Hapa nimeweka kubezwa," Kaka Miwani alisema. "Wewe hujaweka kitu."

Akamgeuzia kompyuta. Washiriki waliitwa kwa namba badala ya majina, na Namba Sita, kijana fundi viatu aliyekaa karibu na mlango, alikuwa amesema: "Huyo wa kwenye kisa hatakwenda popote. Mimi mwenyewe usiku nalia, asubuhi nanawa uso naenda kazini. Nimwambie nani?"

Na chini yake: "Mwongozaji: Mwanamume mzima, machozi! (Watu wanacheka.) Haya, mwingine?"

Mwongozaji siku ile alikuwa Mama Dodosa mwenyewe, na alihisi masikio yakimwaka moto. "Maneno ya mwongozaji hatuyapi msimbo," alisema haraka. "Ndiyo kanuni yetu."

"Kanuni naijua, dada. Lakini soma maana ya kubezwa: mtu kaeleza shida yake, akachekwa. Maana hiyo umeiandika wewe." Kaka Miwani akashusha ukurasa polepole. Namba Moja alisema, Namba Nne akadakia, Namba Mbili na Tano wakabishana. Namba Sita hakusema tena neno mpaka mwisho.

Jamani, ulimi hauna mfupa! Mama Dodosa alikumbuka vizuri. Kikundi kilikuwa kimepooza, naye akataka kukichangamsha, basi. Mwishoni alitangaza kwamba mshauri nasaha yupo chumba cha pili kwa anayetaka kuongea faragha, lakini alitangaza mbiombio, watu wameshasimama. Nani angeinua mkono baada ya kuchekwa? Alimwona yule kijana akitoka wa kwanza, akadhani ana haraka ya kazi.

"Tunaweza kupaacha," Kaka Miwani alisema kwa upole. "Ni mstari mmoja tu."

Alitamani, tusidanganyane. Lakini kijana alisema analia usiku, na hakuna aliyemfuata. Majina na namba za simu za washiriki zilikuwa kabatini kwa msimamizi, zimefungiwa, na walikubali kutafutwa ikibidi. Ili kabati lifunguliwe, ilibidi aseme sababu.

Msimamizi alikuwa mama mtu mzima asiyependa porojo. Mama Dodosa alianza kwa kuzunguka: kikundi kilikuwa kizito, muda ulikuwa mfupi, unajua tena vijana...

"Ulimwambia nini, mwanangu?"

Ikabidi ayarudie. "Mwanamume mzima, machozi." Ndani ya chumba kile kimya, bila mtu wa kucheka, yalikuwa maneno ya ovyo kabisa. Msimamizi hakufoka. Laiti angefoka! Alitoa ufunguo, akafungua kabati, akaandika namba ya simu ya kijana, akampa mshauri nasaha, naye akaingia chumbani kwake kupiga simu.

Mama Dodosa alisubiri koridoni, ameshikilia ukuta, akiomba simu ipokewe. Mshauri alipotoka alikuwa anatabasamu kidogo.

"Yupo. Tumeongea. Anakuja saa tisa."

"Mungu mkubwa! Nitampokea mimi mwenyewe getini, nimwombe radhi."

Mshauri alisita. "Ana sharti moja. Yule dada aliyewachekesha watu asimwone. Hata njiani."

Alikubali kwa kichwa. Saa tisa kasoro, yeye aliyekuwa bingwa wa kupokea wageni, alijifungia stoo penye mifagio na maboksi ya karatasi, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Radhi alizokuwa amezipanga zote zilimbakia kifuani. Aliona hata kujificha ni adhabu nyepesi.

Hatua zikaja koridoni, za taratibu, zikasimama karibu kabisa na mlango wa stoo, kama za mtu anayefikiria kurudi. Vumbi la maboksi likamkaba, kikohozi kikampanda. Akauziba mdomo kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, mpaka aliposikia mlango wa mshauri ukifunguliwa na kufungwa. Mara hii mdomo aliuziba.