Kabula Apunguza Mikono

Timu ya kuogelea ya mkoa ilibakiwa na nafasi moja ya wanawake, na waliokuwa wakiiwania walikuwa wawili: Lucia, askari wa hifadhi kutoka Sitalike, na Kabula, nesi wa Mpanda mjini, mama wa mapacha. Wangeshindana Jumamosi moja mwezi ujao, mita hamsini, kwenda na kurudi, kwenye bwawa la hoteli.

Siku ya kwanza ya mazoezi, Kabula alipiga maji kama anayefukuza nyuki. Mwalimu Gelasius alikuwa ameweka ndoo mbili kando ya bwawa, mita ishirini kati yazo.

"Ndoo hadi ndoo umepiga mikono ishirini na mitano, sekunde ishirini," alisema. "Kila mkono unakusogeza sentimita themanini tu, Mama Kulwa. Unapasua maji, huyashiki."

"Si niongeze kasi ya mikono?"

"Uchoke bure? Mwendo ni idadi ya mikono kwa dakika mara umbali wa kila mkono. Nyoosha mkono mbele, geuza bega, shika maji, yasukume mpaka pajani."

Kabula akafanya hivyo, tena akazidisha: kila akinyoosha mkono alitulia akiteleza, akijiona malkia. Mikono ikashuka hadi kumi na sita, lakini saa ikasoma sekunde ishirini na nne.

"Sasa umelala!" Gelasius alicheka. "Ukisubiri hivyo, mwili unapoteza mwendo njiani. Refusha, ila usisimame."

Wiki tatu baadaye akapata mikono kumi na minane kwa sekunde kumi na nane. Kabula alipiga hesabu mwenyewe: zamani mikono sabini na mitano kwa dakika, sasa sitini, na bado alikwenda haraka zaidi. Alirudia hesabu hiyo mara mbili, maana hakuiamini.

Jumamosi ikafika. Lucia alichomoka kama pikipiki, mikono ikizunguka, povu kila upande. Walipogeuka ukutani alikuwa mbele kwa urefu wa mwili mzima.

Kabula akaingiwa na woga. Mikono ikaanza kukimbia yenyewe, na papo hapo akahisi maji yakimponyoka vidoleni. Naharibu! Akajilazimisha kunyoosha. Bega, shika, sukuma. Alitamani kupiga kelele, lakini mdomo ulikuwa na kazi ya kupumua.

Mbele yake povu lilizidi huku miguu ya Lucia ikikaribia. Lucia alikuwa amechoka. Mikono yake bado ilikwenda mbio, ila kila mmoja ulimvuta kidogo tu. Zilipobaki mita tano wakawa sawa. Kabula alinyoosha mkono wa mwisho akagusa ukuta.

"Kabula, kwa nusu sekunde!" Gelasius alitangaza.

Lucia aling'ang'ania ukingo akihema. "Dada, nilikuwa nakuchungulia. Mikono yako ilikuwa inakwenda polepole! Umenipitaje?"

"Jumatatu jioni uje," Kabula alisema, akikohoa maji. "Uje na ndoo mbili."